Kimo cha Tell Harmal

Tell Harmal ni kilima kidogo cha magofu ambacho leo kimezingirwa na mitaa ya mashariki ya jiji la Baghdad. Takriban miaka 3,800 iliyopita palikuwa na mji ulioitwa Shaduppum, wenye kuta, mahekalu na makarani waliohifadhi kumbukumbu za mashamba na nafaka. Idara ya Mambo ya Kale ya Iraki iliyachimba magofu ya mji huo miaka ya 1940 chini ya Taha Baqir, na miongoni mwa vibao vya udongo vilivyofukuliwa kuna kimoja ambacho Baqir alikichapisha mwaka 1950 katika jarida la Sumer. Kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Iraki kwa namba IM 55357. Karani aliyekiandika alichora pembetatu moja, akaigawa vipande vinne, akauliza swali.

Pembetatu yenyewe ina pembe mraba, na pande zake ni 45, 60 na 75. Kwa urahisi tuipe herufi, ingawa karani hakuwa nazo: pembe mraba iko A, upande AB ni 45, upande AC ni 60, na upande mrefu unaotazamana na pembe mraba, yaani haipotenusi BC, ni 75. Kutoka A unashushwa mstari hadi kwenye haipotenusi, ukutane nayo kwa pembe mraba mahali tutakapopaita D. Huo mstari AD ndio kimo. Karani hakuishia hapo. Kutoka D alipiga mstari mwingine wa pembe mraba kurudi kwenye upande AC, ukafika E. Kutoka E akapiga mwingine kurudi kwenye haipotenusi, ukafika F. Mchoro wote unaonekana kama njia inayopiga kona kati ya kuta mbili zinazosogeleana kuelekea C, kila kona ikiwa fupi kuliko iliyotangulia.

Swali lake linaanza na maeneo. Pembetatu nzima ina eneo la 1,350. Kipande cha kwanza, ABD, kina eneo la 486. Cha pili 311.04; cha tatu 199.0656, na kilichobaki chini 353.8944. Karani aliandika namba hizi kwa hesabu ya sitini-sitini ya Babeli, kwa hiyo 486 kwake ni 8 na 6, maana yake sitini nane na sita juu yake. Ukijumlisha vipande vinne unapata 1,350 kamili, bila kupungua hata chembe. Kisha anauliza urefu wa mistari.

Namna anavyoanza kulijibu swali ndiyo iliyonifanya nikipende kibao hiki kuliko vingi vingine vya zama zake. Anagawanya 45 kwa 60, anapata robo tatu. Anaizidisha kwa 2, inakuwa moja na nusu. Anazidisha kwa eneo la kipande cha kwanza, 486, anapata 729. Kipeuo cha pili cha 729 ni 27, na hiyo 27 ndiyo BD. Halafu anaigawa 27 nusu, anaugawanya ule 486 kwa 13.5, na kimo AD kinatoka: 36.

Hatua hizo zina maana moja tu. Karani alijua kwamba kipande ABD kina umbo lilelile la pembetatu kubwa, na kwamba upande wake mfupi ni robo tatu ya ule mrefu, kama 45 ilivyo robo tatu ya 60. Pande mbili za kipande zikizidishwa hutoa eneo mara mbili, yaani 972. Robo tatu ya 972 lazima iwe upande mfupi uliozidishwa kwa wenyewe. Hakueleza kwa nini maumbo yanafanana. Alilitumia jambo hilo kama mtu anavyotumia zana aliyoizoea mkononi.

Sababu si ngumu. Pembetatu kubwa na kipande ABD zina pembe ya B kwa pamoja, na kila moja ina pembe mraba. Basi pembe ya tatu haina budi kulingana. Kipande kingine, ADC, kinashiriki pembe ya C na pembetatu kubwa, nacho kina pembe mraba, kwa hiyo nacho ni umbo lilelile. Kimo kinaikata pembetatu mraba kuwa mbili zinazofanana nayo na zinazofanana zenyewe kwa zenyewe. Ndogo ina pande 27, 36 na 45. Kubwa yake ina 36, 48 na 60. Tazama ile 36: katika kipande cha kwanza ni upande mrefu wa pembe mraba, katika ADC ni mfupi. Kwa kuwa maumbo ni mamoja, 27 iko kwa 36 kama 36 ilivyo kwa 48. Zidisha: 27 kwa 48 ni 1,296, na 36 kwa 36 ni 1,296.

Huo ndio uhusiano wenyewe. Kimo ni wastani wa kijiometri wa sehemu mbili kinazozitenga kwenye haipotenusi: mraba uliojengwa juu ya kimo una eneo sawa na mstatili uliojengwa kwa sehemu hizo mbili. Pande nyingine zina wastani wake pia. Mraba wa AB, 2,025, ni sehemu iliyo karibu nayo, 27, mara haipotenusi nzima, 75. Mraba wa AC, 3,600, ni 48 mara 75. Ukiijumlisha miraba hiyo miwili, 27 na 48 zinaungana kuwa 75, na unapata mraba wa haipotenusi. Kanuni ya Pythagoras imo humo ndani.

Wagiriki walikutana na jambo hili kutoka upande mwingine. Wao walikuwa na mstatili, wakataka mraba wenye eneo lilelile. Katikati ya karne ya nne kabla ya Kristo, Aristotle alitumia swali hili kama mfano katika kitabu chake juu ya nafsi. Mtu akiulizwa kugeuza mstatili kuwa mraba ni nini, anaweza kujibu kwamba ni kupata mraba ulio sawa na mstatili. Huyo, asema Aristotle, ametaja matokeo tu. Anayejibu kwamba ni kutafuta mstari wa wastani ndiye aliyetaja sababu. Mfano huo unaonyesha kwamba hata mwanafalsafa aliyekuwa akizungumzia uhai na roho aliwategemea wasikilizaji wake wawe wanaujua mstari huo.

Euklidi, aliyeandika Misingi huko Aleksandria karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, aliupatia mstari wa wastani ujenzi wake mashuhuri. Panga sehemu mbili, tuseme 27 na 48, moja baada ya nyingine kwenye mstari mmoja. Pata katikati ya urefu wote, chora nusu duara kwa bikari, kisha pale sehemu mbili zinapokutana inua mstari wa pembe mraba hadi uguse nusu duara. Urefu wake ni 36. Kazi ya nusu duara ni kuhakikisha pembe ya juu: pembe yoyote iliyo kwenye nusu duara ikitazama kipenyo ni pembe mraba, kwa hiyo mstari ulioinuliwa unakuwa kimo cha pembetatu mraba bila kuipima pembe.

Mtu akikosea hapa, mara nyingi amekosea mahali pa kuinulia mstari. Ukiinuliwa kutoka katikati ya kipenyo badala ya pale sehemu zinapokutana, unapata nusu kipenyo, 37.5, ambayo ni wastani wa kawaida wa 27 na 48, yaani jumla gawanya kwa mbili. Kwenye mchoro tofauti ya 36 na 37.5 ni ndogo na jicho linaweza kudanganyika. Kwa hesabu haijifichi: 37.5 kwa 37.5 ni 1,406.25, na mstatili ni 1,296 tu. Mchoro huohuo unaonyesha pia kwamba wastani wa kijiometri hauwezi kamwe kuuzidi wa kawaida, kwa sababu hakuna mstari wa namna hiyo ndani ya nusu duara unaoizidi nusu kipenyo. Vinalingana pale tu sehemu mbili zikiwa sawa.

Euklidi aliuthibitisha ujenzi huu mara mbili, mbali mbali kabisa. Mwishoni mwa kitabu cha pili cha Misingi anageuza mstatili kuwa mraba kwa nusu duara hii, lakini hataji uwiano hata kidogo. Anatumia maeneo na kanuni ya Pythagoras. Katika kitabu cha sita mchoro unarudi, na sasa anasema waziwazi kwamba pembetatu zinafanana na kimo ni wastani. Kati ya hapo, katika kitabu cha tano, ameijenga nadharia ya uwiano inayohusishwa na Eudokso wa Knido, ambayo inafanya kazi hata kwa urefu usioweza kuandikwa kwa sehemu. Ndiyo maana alingoja. Kama sehemu mbili ni 1 na 2, kimo ni kipeuo cha pili cha 2, na hakuna sehemu ya namba nzima inayolingana nacho. Karani wa Shaduppum alichagua 45, 60 na 75 ambazo hazimletei taabu hiyo. Euklidi alitaka uthibitisho usiotegemea uchaguzi mzuri wa namba.

Swali lililowatesa Wagiriki kwa vizazi lilizaliwa kutokana na wastani wa pili. Eratosthenes alisimulia, na Theon wa Smirna akatuhifadhia masimulizi hayo, kwamba watu wa kisiwa cha Delos walipopatwa na tauni waliambiwa na mwaguzi wa mungu wao waifanye madhabahu yao iwe mara mbili. Madhabahu ilikuwa mchemraba. Ukiuongeza kila upande wake mara mbili, ujazo unakuwa mara nane. Unatakiwa upande mpya ambao mchemraba wake ni mara mbili tu ya ule wa zamani.

Hata kabla ya siku za Plato, Hipokrati wa kisiwa cha Kios, mwanajiometria wa karne ya tano ambaye si yule tabibu, alikwisha kuligeuza swali. Alionyesha kwamba inatosha kupata mistari miwili ya wastani badala ya mmoja. Kati ya urefu 1 na urefu 2 tafuta x na y, hivi kwamba 1 iko kwa x kama x ilivyo kwa y, na kama y ilivyo kwa 2. Wa kwanza kati ya hiyo miwili, x, ndio upande wa mchemraba unaotakiwa. Kwa mstari mmoja wa wastani nusu duara inatosha. Kwa miwili haitoshi, na hakuna aliyeweza kuilazimisha itoshe.

Majibu mengi ya swali hili yametufikia kwa mkono wa Eutokio wa Askaloni, aliyeyakusanya katika karne ya sita baada ya Kristo alipokuwa akifafanua kazi ya Arkimede. Mojawapo limebandikwa jina la Plato. Wengi wanalitilia shaka jina hilo, kwa kuwa Plutarko anaeleza kwamba Plato aliwakemea waliotumia vyombo katika jiometria, na jibu hili ni chombo cha kuteleza. Lakini jibu lenyewe ni zuri mno, na limejengwa kwa vimo viwili.

Chora mistari miwili inayokatana kwa pembe mraba mahali O. Upande wa kushoto weka A, umbali wa 1 kutoka O. Chini weka B, umbali wa 8. Nimechagua 8 ili hesabu itoke kamili. Sasa tafuta C juu ya O na D kulia kwake, hivi kwamba pembe ya C, kati ya CA na CD, iwe mraba, na pembe ya D, kati ya DC na DB, iwe mraba pia. Katika pembetatu ACD haipotenusi ni AD, na OC ni kimo chake. Basi mraba wa OC ni OA mara OD. Katika pembetatu CDB haipotenusi ni CB, na OD ni kimo chake. Basi mraba wa OD ni OC mara OB. Jibu ni OC 2 na OD 4: 2 kwa 2 ni 1 mara 4, na 4 kwa 4 ni 2 mara 8. Mfuatano ni 1, 2, 4, 8. Ukiweka B umbali wa 2 badala ya 8, OC inakuwa karibu 1.26 na OD karibu 1.587, na mchemraba wenye upande wa OC una ujazo wa 2.

Chombo chenyewe ni kama guni mbili za seremala zilizounganishwa kwa ubao mmoja, moja imefungwa na nyingine inateleza. Unakizungusha na kukisogeza hadi ukingo mmoja upite A, mwingine upite B, na kona mbili zikae juu ya mistari yake. Shida iko kwenye neno hadi. Masharti manne lazima yatimie kwa wakati mmoja, na ukisogeza chombo kutimiza moja, jingine linatoka. Aliyeridhika na tatu kati ya manne anaweza kudhani amemaliza. Atajua ukweli akilinganisha mraba wa OC na OA mara OD, na mraba wa OD na OC mara OB.

Katika karne ya tisa jibu hili la vimo viwili lilikuwa Baghdad. Ndugu watatu wa Banu Musa, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, waliandika kitabu juu ya kupima maumbo bapa na ya mviringo, na karibu na mwisho wake wakaeleza namna ya kupata mistari miwili ya wastani, ikiwemo ile ya chombo kinachoteleza. Gerardo wa Kremona alikitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini katika karne ya kumi na mbili, na Ulaya ikalipata swali kwa njia hiyo. Wakati ndugu hao wakiandika, kile kibao cha pembetatu ya 45, 60 na 75 kilikuwa kimefukiwa ardhini nje kidogo ya mji wao.

Naona jambo la ajabu zaidi lilitokea mwaka 1637, René Descartes alipochapisha Jiometria. Kurasa zake za mwanzo zinachora kipeuo cha pili kwa nusu duara ileile ya Euklidi: ongeza urefu wa 1 kwenye mstari uliopewa, chora nusu duara juu ya jumla, inua kimo. Mbele yake anachora chombo cha kupata mistari ya wastani mingi kadiri utakavyo. Ni mikono miwili iliyounganishwa kwa bawaba upande mmoja. Kwenye mkono wa kwanza kumefungwa rula moja kwa pembe mraba. Ukiufungua mkono wa pili, rula hiyo inasukuma rula nyingine inayoteleza juu ya mkono wa pili kwa pembe mraba. Hiyo inasukuma ya tatu juu ya mkono wa kwanza, na ya tatu inasukuma ya nne. Umbali kutoka bawaba hadi kila rula unakua kwa uwiano uleule.

Mchoro huo ni ule wa Tell Harmal. Fanya C kuwa bawaba, mikono iwe CA na CB, na rula ziwe FE, ED na DA, zikipiga kona kati ya mikono miwili. Umbali kutoka C ni huu: CF 30.72, CE 38.4, CD 48, CA 60. Kila mmoja ni mara 1.25 ya uliotangulia. Kwa hiyo CE na CD ni mistari miwili ya wastani kati ya CF na CA: 38.4 kwa 38.4 ni 1,474.56, sawa na 30.72 mara 48, na 48 kwa 48 ni 2,304, sawa na 38.4 mara 60. Descartes hangeweza kukijua kibao hicho, na karani hakuwa akitafuta mchemraba wowote. Alikuwa na maeneo ya kugawa. Hata hivyo 60 gawanya kwa 30.72 ni 1.953. Mikono ya pembetatu yake, ingefunguliwa kidogo tu zaidi, ingeufikisha uwiano huo kwenye 2 kamili, na madhabahu ya Delos ingepatikana katika mchoro wa Shaduppum.

Kwa nini basi bikari na rula haziwezi kuupata upande wa mchemraba wa Delos? Jibu la uhakika lilikuja mwaka 1837, katika jarida la hisabati la Joseph Liouville, kutoka kwa Pierre Wantzel, mwanafunzi wa uhandisi ambaye alikuwa hajafikisha miaka 24. Alilitazama swali kupitia milinganyo. Mstari ukikata mstari, urefu mpya unapatikana kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Mstari ukikata duara, au duara likikata duara, kinachoweza kuongezeka ni kipeuo cha pili tu, kile ambacho kimo ndani ya nusu duara kinatoa. Mtu anaweza kurudia mara elfu, akachukua kipeuo cha pili cha kipeuo cha pili, na daima mlinganyo mdogo kabisa wa urefu wake utakuwa wa daraja la 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo. Upande wa mchemraba wa Delos una mlinganyo wa daraja la 3 usioweza kuvunjwa kuwa midogo zaidi. Namba 3 haimo katika mfuatano huo.

Karatasi ya Wantzel haikupata wasomaji wengi, na yeye alifariki mwaka 1848 akiwa na miaka 33. Uthibitisho wake una mpaka ambao wanaousimulia huusahau. Haukatazi mistari miwili ya wastani kati ya kila jozi ya urefu. Kati ya 1 na 8 bikari inatosha, kwa kuwa 8 ni mchemraba wa 2, na mlinganyo wake unavunjika. Kati ya 1 na 27 inatosha vilevile, ambapo mistari ni 3 na 9. Kati ya 30.72 na 60 pia, kwa kuwa uwiano wao ni 1.25 iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu, na mwenye bikari anaweza kuuchora mchoro wote wa kibao bila kuteleza chombo chochote. Kinachoshindikana ni uwiano kama 2, ambao si mchemraba wa sehemu yoyote ya namba nzima. Hapo ndipo guni mbili za Eutokio na rula za Descartes zinapofika na nusu duara isifike, kwa sababu mkono unaozisogeza unafanya hatua moja ambayo bikari haina: kungoja masharti kadhaa yatimie kwa pamoja.